Kwa nini Alasiri ya Makutupora mwezi wa Juni ni nyayo kumi na moja



Limenifikia swali kutoka Makutupora. Ninakusudia Makutupora ya kaskazini ya Jiji la Dodoma, kwenye visima vinavyoinywesha Dodoma, kambi ya JKT na mashamba ya zabibu. Si ile ya Manyoni inayotajwa siku hizi kwenye habari za treni ya SGR. Muulizaji anasema yuko shambani, simu imezima chaji, ratiba ya swala aliyobandika ukutani ni ya Dar es Salaam, na mzee mmoja amemwambia: "Simamisha fimbo. Kivuli kikilingana nayo, Alasiri imeingia." Je, mzee kasema kweli?

Mzee kashika nusu ya elimu, na ile nusu iliyobaki, kwa Makutupora mwezi wa Juni, ni saa nzima na dakika tatu. Mtu akiifuata kauli hiyo kama ilivyo ataswali Alasiri ndani ya wakati wa Adhuhuri, na wewe unajua kwamba kuingia kwa wakati ni sharti la swala. Ndiyo maana naomba uvumilie urefu wa maneno haya. Tutaanza mbali kidogo, Makka na Madina, kisha tutarudi shambani.

Msingi wa jambo lenyewe ni hadithi ya Ibn Abbas (radhi za Allah ziwe juu yake na baba yake), waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, inayoeleza Jibril (a.s.) alivyomswalisha Mtume (s.a.w.) siku mbili mbele ya Al-Kaaba ili kumwonyesha mwanzo na mwisho wa kila wakati. Siku ya kwanza aliswali Adhuhuri baada ya jua kupinduka, na kivuli kilikuwa kiasi cha shiraki. Shiraki ni ule ukanda wa ngozi wa kiatu cha kamba, kitu chembamba tu. Kisha akaswali Alasiri wakati kivuli cha kila kitu kilipokuwa mfano wa kitu chenyewe.

Simama hapo kwenye shiraki. Wengi wetu tunaipita haraka, na ndani yake kuna jiografia. Makka iko nyuzi 21 na nusu hivi kaskazini ya ikweta. Mwezi wa Juni jua la mchana hupita karibu kabisa na utosi wa mtu wa Makka. Ukisimamisha pale fimbo ya mita moja tarehe 21 Juni, kivuli chake kifupi kabisa cha mchana ni kama sentimita tatu na nusu. Upana wa ukanda wa kiatu! Kwa hiyo penye kivuli cha mchana kama shiraki, kusema "kivuli kikilingana na kitu" na kusema "kivuli kikilingana na kitu, ukiondoa kile cha mchana" ni karibu kitu kimoja. Tofauti ni ukanda wa kiatu tu.

Sasa chukua fimbo ile ile, uisimamishe Makka ile ile, mwezi wa Desemba. Jua limekwenda kusini, na mchana wa saa sita kivuli kifupi kabisa ni karibu sentimita 99 na nusu. Kwa kanuni ya yule mzee, Adhuhuri ikiingia tu na Alasiri nayo imeingia! Nenda Madina, ambayo iko kaskazini zaidi, na mambo yanazidi: kivuli cha mchana cha Desemba ni sentimita 110 hivi, yaani kimeipita fimbo. Hapo kanuni iliyokatwa nusu inaleta muhali: Alasiri inatangulia kabla ya Adhuhuri. Hakuna mwanachuoni yeyote aliyeielewa hadithi hivyo.

Ndiyo maana mafakihi waliweka wazi kile kivuli cha mchana. Kina jina lake: kivuli cha istiwai, kivuli kinachokuwepo jua likiwa limefika kileleni pake, kabla halijapinduka. Hesabu ya Alasiri inaanza baada yake. Urefu wa fimbo unaongezwa juu ya kivuli cha istiwai, na jumla yao ndiyo alama.

Na hili si jambo la vitabu vizito visivyofika kwetu. Wewe uliyepita chuoni utotoni umeshalisoma. Safinatun-Najah ya Sheikh Salim bin Sumair al-Hadhrami, kitabu kidogo cha karne ya 19 ambacho watoto wa pwani yetu hukihifadhi kabla hata ya kukielewa, kinapotaja mwisho wa Adhuhuri kinaweka maneno machache mwishoni ya kukiondoa kivuli cha istiwai. Tuliyaimba maneno hayo kwa sauti moja, na wengi wetu hatukuwahi kumwuliza mwalimu: kivuli hicho ni kiasi gani hapa kwetu? Swali hilo Safina haikulijibu, wala haikuwezekana ilijibu, kwa sababu jibu lake hubadilika kila siku na kila mji.

Waliolifanyia kazi swali hilo ni watu wa hesabu. Karne ya tisa ya miladi, Baghdad, Habash al-Hasib alitengeneza jedwali la vivuli: unajua kimo cha jua, unapata kivuli, unajua kivuli, unapata kimo cha jua. Kimo cha jua ni ile pembe iliyopo kati ya upeo wa ardhi na jua. Jua likichomoza ni sifuri, likiwa juu ya utosi ni nyuzi 90. Hesabu ambayo mtoto wa sekondari leo anaiita tanjenti, wao waliiita kwa Kiarabu *dhilli*, yaani kivuli. Mwanafunzi anayelalamika kwamba tanjenti haina kazi maishani hajaambiwa kwamba Waislamu walikuwa wakiitumia kujua Alasiri.

Miaka mia mbili hivi baadaye akaja Abu Rayhan al-Biruni, akaandika kitabu kizima juu ya vivuli, karibu mwaka 1021. Humo anaeleza namna watu walivyoigawa fimbo ya kupimia. Wapo walioigawa sehemu 12 wakaziita vidole. Wapo walioigawa sehemu saba, au sita na nusu, wakaziita nyayo. Kwa nini nyayo? Kwa sababu fimbo ya kwanza ya mwanadamu ni mwili wake. Urefu wa mtu mzima ni karibu nyayo zake mwenyewe saba, au sita na nusu. Anasimama juani, anaweka alama pale kivuli cha kichwa chake kinapoishia, kisha anakipima kwa nyayo zake, kisigino mbele ya vidole, mpaka kwenye alama. Mrefu ana nyayo ndefu na mfupi ana nyayo fupi, basi hesabu inajisawazisha yenyewe. Hata hadithi ya Ibn Mas'ud kuhusu Adhuhuri ya Mtume (s.a.w.) imetaja kivuli kwa nyayo, tatu hadi tano wakati wa joto, tano hadi saba wakati wa baridi. Al-Khattabi, katika sherehe yake ya Sunan Abi Dawud, akatanabahisha kwamba kipimo cha namna hii hutofautiana baina ya nchi na nchi.

Hapo sasa ndipo sisi watu wa kusini ya ikweta tunapoguswa. Nchi za wenzetu wale, joto ni Juni na kivuli kifupi ni Juni. Kwetu ni kinyume. Makutupora iko takriban nyuzi 6 kusini ya ikweta. Mwezi wa Juni jua liko mbali kaskazini, na kivuli cha mchana cha fimbo ya mita moja hufika sentimita 56, kikilala upande wa kusini. Huo ndio urefu mkubwa kabisa wa kivuli cha istiwai mwaka mzima hapo. Desemba jua limevuka kwenda kusini ya Makutupora, kivuli kinalala kaskazini, na urefu wake ni sentimita 31 hivi. Na mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 5 Machi na tarehe 8 Oktoba, jua hupita juu ya utosi wa Makutupora na kivuli cha mchana hutoweka chini ya fimbo. Kwa hiyo mtu akitoka Hijazi au Hadhramaut na jedwali lake la nyayo za kila mwezi alilolihifadhi kwao, akaja nalo Ugogo, mwezi ambao jedwali linamwambia "hakuna cha kuongeza" ndio mwezi ambao Ugogo inamtaka aongeze zaidi.

Na watu walikuja kweli. Ibn Battuta alipopita pwani yetu mwaka 1331 aliwakuta watu wa Mombasa wakiwa Mashafi'i, ambao Alasiri yao ni kivuli kimoja juu ya kile cha istiwai. Karne ya 19 misafara ya Waarabu na Waswahili ilitoka Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa, ikakatiza Ugogo kuelekea Tabora na Ujiji. Burton na Speke waliipita njia hiyo hiyo mwaka 1857. Fikiria Mwislamu wa msafara ule, yuko katikati ya nyika ya Ugogo, hakuna mnara wala mwadhini wala msikiti. Alichonacho ni mkuki, au fimbo, au mwili wake. Kutoka pwani mpaka hapo alikuwa anatembea kuelekea magharibi, latitudo yake haibadiliki sana, kwa hiyo urefu wa kivuli alichokizoea pwani ulimfaa vilevile Ugogo. Kilichobadilika ni saa yenyewe ya jua, lakini hilo halikumsumbua hata kidogo, kwa sababu hakuwa na saa ya mkononi ya kugombana na kivuli.

Ugomvi huo ulikuja na reli. Mwaka 1910 reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Dodoma, mwaka 1912 ikafika Tabora. Treni haiwezi kwenda kwa kivuli cha kila stesheni. Lazima saa iwe moja. Leo Tanzania yote inatumia saa ya longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haupiti hata kijiji kimoja cha Tanzania. Unapita huko karibu na Mogadishu. Makutupora iko karibu nyuzi 35 na robo tatu, zaidi ya nyuzi tisa magharibi ya mstari huo, na kila uzito mmoja wa longitudo ni dakika nne. Kwa hiyo jua hufika kileleni Makutupora dakika kama 37 baada ya saa sita ya redio, na kiasi hicho chenyewe husogea mbele na nyuma kadiri ya miezi. Dar es Salaam wao wako mashariki zaidi, wanatangulia kwa dakika 14.

Turudi basi kwa ndugu yetu wa Makutupora, tupime naye siku moja kamili. Tuchukue tarehe 21 Juni, ambayo ndiyo siku ngumu kuliko zote.

Atafute fimbo iliyonyooka, aisimamishe mahali tambarare. Nguzo za mizabibu zinashawishi kwa sababu zimeshasimama tayari, lakini nyingi zimeinama kwa kuvutwa na waya, na fimbo iliyoinama ni shahidi wa uongo. Fimbo ya mita moja ikiinama nyuzi tatu tu kuelekea kivuli kinapoangukia, ncha ya kivuli inasogea sentimita tano, na hizo wakati wa Alasiri ni dakika nne. Afunge jiwe kwenye uzi, alining'inize pembeni ya fimbo kama timazi ya fundi ujenzi, alinganishe pande mbili. Kisha apime kile kinachobaki juu ya ardhi kiwe mita moja kamili.

Kazi ya kwanza ni kukipata kivuli cha istiwai, na hapa wengi hukosea kwa sababu wanakodolea macho urefu. Wanasubiri kivuli kiache kupungua. Lakini karibu na kilele kivuli kinakuwa kama kimelala: dakika kumi kabla ya istiwai siku hiyo ni kirefu kwa milimita mbili tu kuliko wakati wa istiwai yenyewe. Jicho gani litaiona tofauti hiyo juu ya vumbi la Dodoma? Ukitaka kukijua kilele, uache urefu, utazame mwelekeo. Katika dakika hizo hizo kumi ncha ya kivuli inatembea kwa upande karibu sentimita tano, kutoka magharibi kwenda mashariki. Hiyo inaonekana hata na mzee asiye na miwani.

Wazee wa falaki walitumia duara, wakaiita ya Kihindi. Funga kamba kwenye mguu wa fimbo, chora ardhini duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 80. Asubuhi kivuli ni kirefu, kimetoka nje ya duara. Kinafupika, na mnamo saa tano kasoro ncha yake inagusa mstari ikiingia. Weka kijiwe hapo. Mchana kinarefuka, na mnamo saa nane na dakika 20 ncha inagusa mstari tena ikitoka. Weka kijiwe cha pili. Tafuta katikati ya vijiwe viwili, vuta mstari kutoka hapo mpaka mguu wa fimbo. Huo ndio mstari wako wa kaskazini na kusini, na haubadiliki. Siku ya pili yake kivuli kikilala juu ya mstari huo, jua liko kwenye istiwai. Kikiuacha kuelekea mashariki, jua limepinduka na Adhuhuri imeingia. Na urefu uliopo kivuli kikiwa juu ya mstari ndio kivuli cha istiwai.

Siku hiyo ndugu yetu atakipata kivuli kikilala juu ya mstari mnamo saa 6 na dakika 39, nacho ni sentimita 56. Atake kujua jua lina kimo gani? Kama ana simu yenye chaji, kwenye kikokotoo cha sayansi ataandika:

```
atan(1/0.56)
```

na kama kimewekwa kwenye nyuzi kitampa karibu 60 na nusu au 61. Kama hana simu, achukue karatasi na protrakta ya mtoto wa shule. Achore mstari wa kusimama wa sentimita 10, huo ni fimbo. Kutoka mguuni pake achore mstari wa kulala wa sentimita 5.6, huo ni kivuli. Aunganishe ncha mbili. Pembe iliyopo kwenye ncha ya kivuli ndiyo kimo cha jua. Habash angeitambua karatasi hiyo mara moja.

Sasa Alasiri. Mita moja na sentimita 56: jumla ni sentimita 156. Aweke kijiti kwenye umbali huo kutoka mguuni pa fimbo, au achore tao, kwa sababu kivuli kinazunguka.

Saa 8 na dakika 58 kivuli kitafika sentimita 100. Fimbo na kivuli vimelingana, jua liko nyuzi 45 kamili. Hapa ndipo mzee anapokimbilia kuadhini. Amzuie kwa adabu, kwa sababu kati ya sentimita hizo 100, sehemu kubwa ni deni la istiwai. Kivuli kimeongezeka sentimita 44 tu tangu jua lipinduke.

Saa 9 na dakika 46 ratiba ya Dar es Salaam iliyo ukutani itasema Alasiri imeingia. Atazame fimbo: kivuli ni kama sentimita 140. Bado 16. Ratiba haikosei, ni ya kweli kwa watu wake. Jua lililofika alama Kariakoo bado halijafika alama Makutupora. Na tanabahi, ratiba hiyo hiyo ilikuwa imeshamwambia aswali Adhuhuri mnamo saa 6 na dakika 25, wakati jua lake lilikuwa halijafika hata kileleni. Kuchelewa dakika 15 kungekuwa jambo dogo. Kutangulia ndiyo balaa, na ratiba ya mashariki ikipelekwa magharibi siku zote hutanguliza.

Saa 10 na dakika moja kivuli kinafika kwenye kijiti cha sentimita 156. Jua limeshuka mpaka nyuzi 32 na nusu hivi. Alasiri imeingia. Ndugu zetu wanaofuata kauli ya Imam Abu Hanifa wanasubiri mara mbili ya fimbo juu ya istiwai, sentimita 256, nayo kwa siku hiyo ni mnamo saa 10 na dakika 54. Ndiyo sababu programu ya simu inakuuliza uchague `Shafi` au `Hanafi`. Ukigusa mojawapo bila kusoma, adhana ya simu yako itapishana na ya msikiti wako karibu saa nzima, na utadhani msikiti ndio uliopotea.

Hujabeba hata fimbo? Rudi kwenye nyayo. Sentimita 56 za istiwai kwa kila mita, ukizipeleka kwenye mwili wa nyayo saba, ni karibu nyayo nne. Saba na nne ni kumi na moja. Alasiri ya Makutupora katikati ya Juni ni nyayo kumi na moja za kivuli chako mwenyewe. Desemba ni tisa na ushee. Lakini jipime kwanza ukiwa nyumbani, kwa sababu wengine ni nyayo sita na nusu, na nusu unyayo hiyo ukiichezea inakuja kuwa dakika kadhaa. Na vua viatu, buti la shamba ni refu kuliko unyayo wa Ibn Adam.

Jambo moja zaidi kuhusu ncha ya kivuli, maana utaliona na litakutatiza. Jua si nukta, lina upana wa nusu uzito hivi, kwa hiyo ncha haikatiki kama kisu. Inafifia kidogo kidogo. Wakati wa Alasiri ya Juni mfifio huo ni karibu sentimita tatu, na kwa kuwa kivuli muda huo kinarefuka zaidi ya sentimita moja kila dakika, mfifio wote ni dakika mbili na nusu. Chukua katikati yake, kisha ngoja dakika tatu au nne, uadhini kwa moyo mtulivu. Hii ndiyo maana ya ihtiyati. Si kuongeza dakika bila kujua unachokiongezea.

Na usiitwishe fimbo mzigo usio wake. Kwa Magharibi haifai kitu: jua likiwa nyuzi tano juu ya upeo, fimbo ya mita moja inatupa kivuli cha zaidi ya mita kumi na moja, na kila kichuguu na mteremko wa ardhi unakiharibu. Isha na Alfajiri hakuna kivuli kabisa, hizo ni elimu ya mwanga wa upeoni. Siku ya mawingu pia imekwisha. Hapo rudi kwenye kipimo cha jana: kwa Juni, kivuli cha istiwai hakibadiliki hata sentimita moja kwa zaidi ya wiki, basi alama ya jana na saa uliyoiandika jana zinakutosha. Machi na Oktoba si hivyo. Wakati huo jua linakwenda mbio kaskazini au kusini, na kivuli cha istiwai kinabadilika karibu sentimita moja kwa kila siku moja na nusu, basi pima upya kila wiki.

Na kama muulizaji wangu atakuwa bado Makutupora tarehe 8 Oktoba, mbingu ikiwa safi, amwite yule mzee mnamo saa 6 na dakika 25 mchana wakae karibu na fimbo. Kivuli kitaingia chini ya fimbo upande wa magharibi, kitapotea, kisha kitachungulia upande wa mashariki. Hicho kilichochungulia ndicho zawali, kama shiraki ya Makka. Siku hiyo hakuna cha kuongeza. Saa 9 na dakika 26 kivuli kitakuwa mita moja, fimbo mita moja, jua nyuzi 45, na kauli ya mzee itakuwa sahihi kwa herufi zake zote. Mwache aadhini yeye.

Wallahu a'lam.